Siku Mia Kabla ya Mtihani wa Leseni

Nchini Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari anayekaribia kumaliza mwaka wa tano huanza kuhesabu siku. Mbele yake uko mtihani wa serikali, sehemu ya pili kati ya tatu, ambao asipoufaulu haruhusiwi kuingia mwaka wa mafunzo ya vitendo wodini, na kwa hiyo hawezi kuipata leseni. Mtihani hufanyika kila mwaka katika majira ya kuchipua na tena katika majira ya kupukutika. Kwa miaka mingi sasa imekuwa desturi kuuandaa kwa ratiba ya siku mia, yaani miezi mitatu na siku chache.

Mimi nilisoma huko, na ratiba hiyo niliifuata, nikaiharibu, kisha nikairekebisha. Nakieleza kisa chenyewe kwa sababu wahitimu wetu nao huketi mbele ya mitihani ya mabaraza yao, na mara nyingi huniuliza waanze na kitabu gani. Kwa uzoefu wangu, swali hilo ni la pili. La kwanza ni mtihani wenyewe ukoje.

Ule wa Ujerumani una maswali 320, yaliyogawanywa katika siku tatu mfululizo, saa tano kila siku. Kila swali lina majibu matano, na moja tu ndilo sahihi. Jibu lisilo sahihi halimpunguzii mtahiniwa alama, hivyo kuacha swali wazi ni kutupa bahati bure. Mengi huanza na mgonjwa: umri wake, anacholalamikia, vipimo vyake, pengine picha ya eksirei au mchoro wa umeme wa moyo. Anayepata asilimia 60 amefaulu, yaani maswali 192 endapo hakuna yaliyofutwa baada ya kuonekana yana kasoro. Iko pia kanuni inayoshusha kiwango hicho ikiwa wastani wa watahiniwa wote ni wa chini, lakini mtu mwenye busara hapangi siku zake kwa kuitegemea.

Ukigawanya saa tano kwa maswali takriban 107, unapata chini kidogo ya dakika tatu kwa kila swali. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya nipange ratiba kutoka mwisho kurudi mwanzo. Niliona kwamba mtihani unapima mambo mawili kwa pamoja: maarifa, na uwezo wa kuyatumia kwa saa tano, siku tatu, bila kuchoka. Siku za mwisho, basi, zilipaswa kufanana na mtihani, na zile za mwanzo zikaandaa njia.

Kati ya siku 100, niliondoa kwanza 14 za mapumziko, moja kila juma. Nilitenga 15 za mwisho kwa mitihani mitano ya miaka iliyopita, kila mmoja kwa siku tatu, kwa saa zilezile za chumba cha mtihani. Siku 11 niliziacha wazi kabisa. Zilibaki 60 za kupitia masomo. Ishirini kati ya hizo zilikwenda kwenye magonjwa ya ndani, kwa kuwa moyo, mapafu, figo, ini na kisukari hurudi hata ndani ya maswali ya upasuaji na ya watoto. Upasuaji pamoja na mifupa ulipewa siku saba. Masomo mengine yaligawana zilizosalia.

Siku zile 11 tupu zilichekwa na wenzangu. Kufika siku ya 23 nilikuwa nyuma kwa siku tatu nzima, kwa sababu nilitaka kuelewa kila kipengele cha magonjwa ya moyo kabla ya kusonga mbele. Rafiki yangu aliyekuwa nyuma vivyo hivyo aliamua kufidia kwa kusoma hadi usiku wa manane. Baada ya juma moja alikuwa nyuma kwa siku tano, maana asubuhi zake zilikuwa zimekufa. Mimi nilikula siku tatu katika zile tupu, nikaendelea. Ratiba isiyo na akiba huvunjika mara ya kwanza mtu anapopata mafua, na miezi mitatu bila mafua, hasa katika baridi ya huko, si jambo la kutarajia.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi nilisoma mada moja kwa saa mbili na nusu, si zaidi, kisha nikajibu maswali 40 ya mada hiyo. Mchana nilijibu 20 yaliyochanganywa kutoka mada za majuma yaliyopita. Saa mbili zilizofuata zilikuwa za makosa peke yake, na saa kumi na mbili jioni vitabu vilifungwa. Wanafunzi wa huko huita kazi ya kujibu maswali kwa jina linalomaanisha kutia misalaba, na wengi hutia misalaba mia mbili kwa siku kwa fahari. Lakini msalaba uliokosewa na usiochunguzwa haufundishi kitu.

Nichukue kosa moja. Swali lilikuwa la mgonjwa wa figo aliyekosa dayalisisi mara mbili. Amelegea, potasiamu katika damu ni milimoli 7.4 kwa lita, na mchoro wa moyo unaonyesha mawimbi yaliyochongoka na mengine yaliyopanuka. Hatua gani ifanyike kwanza? Nilichagua insulini pamoja na glukosi. Jibu lilikuwa kalsiamu kwa mshipa.

Msukumo wangu wa kwanza ulikuwa kurudia sura nzima ya figo, na hapo siku ingepotea, kwani dawa zote zilizotajwa nilizijua. Nilichokuwa sikijui vizuri ni mpangilio wake: kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo, bali huukinga moyo usisimame; insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli kwa muda; dayalisisi ndiyo inayoitoa mwilini. Kwa kuwa mchoro wa moyo ulikwisha kubadilika, moyo haukuwa na muda wa kuingojea insulini. Niliandika sentensi hizo tu kwenye daftari la makosa, pamoja na tarehe. Nilijiuliza tena kesho yake, kisha baada ya juma moja, kisha baada ya majuma matatu, kila mara nikifunika jibu kwa karatasi. Katika mada ya dharura swali hilohilo lilirudi likiwa na sura nyingine: mzee anayetumia dawa za moyo na shinikizo, figo zimedhoofika, mchoro umebadilika. Halikunikamata tena. Na msomaji ambaye ni mgonjwa wa figo ataona kwamba swali hilo lilihusu uhai wake kabla ya kuhusu alama yangu.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la kitabibu. Siku ya 72 nilijipima kwa mtihani mzima wa mwaka mmoja uliopita nikapata asilimia 84. Nililala kwa furaha. Baada ya siku chache nikafungua mtihani mwingine ambao sikuwahi kuugusa, nikapata maswali 211 kati ya 320, asilimia 66.

Tofauti hiyo ilikuwa na sababu rahisi. Maswali ya ule mtihani wa kwanza yalikuwa yametawanyika katika mazoezi yangu ya mada kwa mada. Nilikuwa nimekwisha kuyaona mengi bila kutambua kwamba ni ya mtihani huo. Macho yalilitambua jibu kabla akili haijamfikiria mgonjwa. Ndiyo maana anayetumia mitihani ya zamani anapaswa kuchagua mapema, siku ya kwanza kabisa, ile atakayoifungia, na kuyaondoa maswali yake katika mazoezi ya kila siku. Dalili ya kujidanganya ni kwamba unajibu swali refu la mgonjwa kwa sekunde 20, na ukiulizwa kwa nini majibu mengine manne si sahihi, huna la kusema.

Nilikuwa juu ya mstari kwa maswali 19 tu. Niliketi siku nzima na yale 109 niliyoyakosa, nikiyagawa katika mafungu matatu. Maswali 51 sikuyajua kabisa. Katika 37 nilichanganya vitu viwili vinavyofanana, kama kosa lile la potasiamu. Na 21 niliyajua, ila nilisoma vibaya: palipoulizwa kipi hakifai nilijibu kinachofaa, au nilipuuza kwamba mgonjwa ni mjamzito.

Fungu la tatu ndilo lililonishtua. Nilipotazama namba za maswali hayo, karibu yote yalikuwa ya saa ya mwisho ya kila siku. Hapakuwa na somo la kurudia hapo. Nilichohitaji ni kula kitu kila baada ya saa moja na nusu, kuinuka, kunawa uso, na kupigia mstari sentensi ya mwisho ya swali kabla ya kusoma habari za mgonjwa. Fungu la pili lilirudi kwenye daftari. Katika lile la kwanza nilichagua: magonjwa adimu yaliyotokea mara moja niliyaacha, nikashughulikia yale yaliyojirudia katika mitihani miwili au mitatu. Kufidia yote 51 katika siku zilizobaki kungekuwa kurudi kwenye ugonjwa wangu wa siku ya 23.

Hapa niwaonye wanaotaka kuazima ratiba hii kama ilivyo. Uzito wa masomo niliouweka ulitoka kwenye mitihani ya Ujerumani. Huko malaria ilinijia mara chache, tena kwa sura ya mtalii aliyerejea kutoka safari akiwa na homa. Nyumbani ni mgonjwa wa kila asubuhi. Anayejiandaa kwa mtihani wa baraza lake aanze kwa kupata mwongozo wa mada kutoka kwa baraza hilo, kisha agawe siku zake kwa uzito huo. Pia ratiba hii ni ya mtihani wa karatasi. Huko Ujerumani mtihani wa mdomo mbele ya mgonjwa huja baadaye, baada ya mwaka wa wodini. Pale ambapo kupima mgonjwa kwa mikono kunapimwa wakati uleule, saa za mchana zitatoka kwenye maswali na kwenda wodini, na misalaba itapungua.

Mtihani wa tano niliumaliza siku ya 98, nikapata maswali 231. Siku mbili za mwisho nilipitia daftari la makosa tu, lililokuwa na kurasa 64 za mwandiko mbaya, na saa tatu usiku taa ilikuwa imezimwa. Katika zile siku tatu za mtihani wenyewe tulikubaliana na wenzangu wawili kutozungumzia maswali hadi jioni ya tatu. Mmoja alishindwa jioni ya kwanza, akauliza kuhusu swali la mtoto mwenye manjano. Tulimwacha ajijibu mwenyewe, tukaenda kula.