Sita Kati ya Tisa Walikuwa Wamechanjwa

Mwaka 2003 surua ilizuka katika shule ya bweni yenye wanafunzi 663 jimboni Pennsylvania, Marekani, baada ya mwanafunzi mmoja kuambukizwa Lebanoni. Maabara ilithibitisha wagonjwa 9, na 6 kati yao walikuwa wamepata dozi mbili za chanjo. Mzazi akisikia hivyo atauliza: basi chanjo ina faida gani?

Kabla ya kumjibu, wachunguzi huafikiana nani ahesabiwe mgonjwa. Kwa kawaida anayeshukiwa ni mwenye homa na upele mwilini, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu. Kisha damu hupimwa, maana bwenini vipele vya joto navyo havikosekani. Bila kigezo hicho, orodha hujaa wasiohusika.

Kila mgonjwa huandikiwa siku upele ulipotokea. Upele hutoka takriban wiki mbili baada ya maambukizi, kwa hiyo tarehe hiyo humrudisha mchunguzi hadi siku ambazo huenda virusi viliingia. Lakini mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele, akidhaniwa ana mafua tu. Matroni anapomtenga, tayari ameshakula bwalo moja na wenzake, na virusi vyake huweza kubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kuondoka. Ndiyo maana kumtenga hadi siku 4 baada ya upele ni lazima, ila hakutoshi. Wenzake wasio na kinga huchanjwa ndani ya saa 72 tangu wakutane naye; baada ya hapo nafasi ya kuuzuia ugonjwa hupungua sana.

Sasa turudi kwa mzazi. Waliokuwa na dozi mbili shuleni pale walikuwa 629, wakaugua 6: asilimia 1 hivi. Wasiochanjwa kabisa walikuwa 8 tu, wakaugua 2: robo nzima. Wanane ni wachache mno kwa hesabu ya uhakika, lakini tofauti iko wazi. Wagonjwa waliochanjwa walionekana wengi kwa sababu karibu shule yote ilikuwa imechanjwa. Nasisitiza hili kwa kuwa ripoti nyingi hutaja wagonjwa na kusahau wazima, na hapo ndipo uvumi huzaliwa.

Kwa shule zetu, pendekezo langu la kwanza ni kadi ya kliniki. Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua-rubella mtoto akiwa na miezi 9 na 18, na dozi ya pili ndiyo husahaulika. Fomu ya kujiunga iulize tarehe zote mbili, na asiye na ushahidi achanjwe kabla ya kupewa kitanda.

Mlipuko ukishatokea, daftari la wagonjwa lisifungwe mapema. Husubiriwa siku 42 bila mgonjwa mpya. Akipatikana mmoja siku ya 40, hesabu huanza upya.