"Munitoshe mu listi": namna ya kuomba ruhusa ya kutuma mesaji, na namna ya kumtoa mtu asirudi tena

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa kahawa katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini. Simu yake iliharibika, na kadi SIM akamwachia shemeji yake. Koperative ambayo mama anauzia kahawa haikujua, ikaendelea kutuma mesaji kwenye namba ile: "Malipo ya kahawa ni siku ya ine, saa tatu ya asubui, kwenye kituo cha kuosha." Kwa mkulima hiyo ni habari njema. Kwa mtu mwingine anayeshika simu, ni habari ya siku na saa ambayo mama atakuwa njiani na pesa mfukoni.

Mama akashuka mpaka biro: "Sekretere, munitoshe mu listi. Ile namba haiko tena yangu." Sekretere akafungua ordinatere, akatafuta namba, akaifuta mbele yake. Majuma matatu yakapita. Malipo mengine yakakaribia, na namba ile ile ikapokea tena mesaji.

Hapo hakuna aliyedanganya. Kosa lilikuwa katika namna listi ilivyotengenezwa tangu mwanzo, na kulielewa kunaomba kurudi kwenye mesaji ya kwanza kabisa.

Koperative ilikuwa na namba kama 400 kwenye kaye za waagenti wanaopima kahawa vijijini. Namba hizo zilichukuliwa juu ya kazi ya kupima: nani ameleta kilo ngapi, na apigiwe kama kuna shida ya mzani. Siku biro ilipoamua kutuma SMS kwa wote, ilizikopi zote kwenye ordinatere, kisha ikatuma mesaji hii:

"Ndugu mwanachama, koperative yako inakujali. Umeandikwa kwenye huduma yetu mpya ya habari. Kama hautaki, utujulishe."

Mesaji ni ya adabu, lakini haiombi kitu. Mtu ameisha kuandikwa. Haambiwi atapata habari gani, wala mara ngapi. "Utujulishe", kwa njia gani? Na mtu asiyejibu anahesabiwa kuwa amekubali, kumbe pengine hajui kusoma, au simu iko kwa mtoto, au namba iliandikwa vibaya na mesaji imefika kwa mtu wa Uvira ambaye hajawahi kulima kahawa. Sheria ya Kongo juu ya mambo ya numeriki, ordonansi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi, na namba ya simu ni moja ya habari hizo. Mtu kutoa namba yake juu ya mzani si kusema kwamba itumiwe kwa kazi nyingine.

Mesaji ya kuomba ruhusa inabidi iseme mambo machache tu: nani anatuma, atatuma nini, mara ngapi, mtu akubali namna gani, na aache namna gani. Yote haya yanaweza kuingia kwenye SMS moja. Hii hapa ina herufi 158 ukihesabu na nafasi, na mahali pa "Koperative ya kahawa" mtu anaweka jina lenyewe:

```
Koperative ya kahawa: tunaomba kukutumia SMS za bei na siku za kupokea kahawa, mara 2 kwa juma. Unakubali? Jibu NDIYO. Usipojibu hatutatuma. Kuacha: jibu ACHA
```

Neno lenye uzito kupita mengine yote ni "Usipojibu hatutatuma". Kunyamaza kunakuwa hapana. Ndiyo, listi itapungua: kati ya namba 400 pengine watajibu nusu, na prezida wa koperative hatafurahi. Lakini nusu hiyo ni watu wanaosoma kweli, na kila SMS inayokwenda kwa namba iliyokufa au ya mtu mwingine ni pesa iliyotupwa. Wale ambao hawakujibu, agenti anaweza kuwauliza kwa mdomo siku ya kupima, akaandika jibu na tarehe. Ruhusa ya mdomo inafaa, mradi iandikwe.

Angalia pia kwamba mesaji hiyo haitaji malipo. Siku ya malipo si habari ya kutangaza kwa SMS ya wote. Bei inaweza kusomwa na yeyote bila hatari, lakini siku ya pesa, hapana. Hiyo agenti aiseme kwa mdomo, au mtu aulizwe peke yake kama anakubali kuipata kwa simu. Kukubali habari za bei hakumaanishi kukubali habari za malipo.

Kuna neno moja juu ya urefu, sababu linakula pesa za watu bila wao kujua. SMS moja inabeba herufi 160 kama zote ni za kawaida. Herufi kama é na è haziharibu kitu. Lakini ukiingiza ê, au kichoro cha uso unaocheka, au ile apostrofi iliyopinda ambayo ordinatere inaiweka yenyewe kwenye neno kama "ng'ombe", nafasi inashuka mpaka herufi 70 tu. Mesaji yetu ya herufi 158 ingekatwa vipande vitatu, na koperative ingelipa SMS tatu kwa kila mtu. Apostrofi iliyonyooka haina shida.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka limewapata. Koperative nyingi na mashirika hupenda mesaji ifike na jina lao juu, pahali pa namba. Inapendeza kweli. Lakini mesaji inayotoka kwa jina hairudishiwi jibu. Mtu anaandika ACHA na simu inakataa, au jibu halifiki kokote. Kwa hiyo kumwambia "jibu ACHA" ni kumwonyesha mlango uliofungwa. Ukitumia jina, andika ndani ya mesaji namba ya kweli ya kujibu. Kujaribu ni rahisi: tuma mesaji kwenye simu yako mwenyewe, jibu ACHA kutoka simu hiyo, kisha angalia kama jibu limeonekana, na kwa nani. Kama hakuna mtu biro anayejua majibu yanaangukia wapi, listi haiko tayari.

Tena watu hawataandika ACHA kama ulivyoomba. Wataandika "stop", "arrête", "muache kunisumbua", "mimi si mkulima", "ni namba mbaya hii". Mwingine hana uniti, atabipa tu, na mwingine atamwambia agenti chini ya mti. Yote hayo ni kuomba kutoka. Mashine inayokamata neno ACHA pekee itawaacha wengine ndani, hivyo lazima mtu asome majibu kila kabla ya kutuma mesaji mpya, na aliyebipa apigiwe. Hakuna haja ya kuuliza "juu ya nini?" Mama wa Kalehe alikuwa na sababu yake, na haikuwa lazima aieleze mbele ya watu waliojaa biro.

Turudi kwake. Namba yake ilifutwa kweli kwenye ordinatere. Lakini ilibaki kwenye kaye ya agenti. Mwisho wa mwezi agenti akaleta kaye yake, karani akakopi namba "mpya" zote, na ya mama ikaingia tena kama mgeni. Ordinatere haikukumbuka kitu, sababu kufuta ni kusahau.

Dawa yake inashangaza kidogo: namba ya aliyeomba kutoka haifutwi, inahamishwa. Kunakuwa listi ya pili, iitwe ACHA, yenye namba na tarehe tu. Jina, kijiji na kilo havina kazi pale. Kila mara kabla ya kutuma, listi ya kutuma inalinganishwa na ile ya ACHA. Kwenye Excel ya Kifaransa, kama namba ziko kwenye kolone A na listi ya pili iko kwenye ukurasa ulioitwa ACHA, mtu anaandika hivi pembeni ya namba ya kwanza, kisha anaivuta mpaka chini:

```
=NB.SI(ACHA!A:A;A2)
```

Ikionyesha 0, namba haiko kwenye ACHA. Ikionyesha 1 au zaidi, hakuna kutuma, hata kama kaye ya agenti inasema vingine.

Lakini hesabu hii inadanganywa kwa urahisi. Namba moja inaweza kuandikwa kwa kuanza na 0, au na 243, au na +243, au kwa kuachanisha tarakimu mbilimbili. Kwa jicho la mtu ni ile ile, kwa Excel inaweza kuwa namba tofauti, na jibu likawa 0 wakati mtu ameomba kutoka. Tena Excel inakula 0 ya mwanzo. Kwa hiyo pande zote mbili ziandikwe namna moja: 243, kisha tarakimu 9, bila nafasi, na kolone iwekwe kama maandishi kabla ya kuanza kuandika. Kisha jaribu: weka namba yako kwenye listi zote mbili uone kama inatoa 1.

Kaye nayo isahihishwe. Agenti apewe listi ya ACHA kabla ya kurudi kijijini, apige mstari pembeni ya namba na kuandika tarehe. Mtu akitaka zaidi ya hapo, yaani jina lake liondolewe kabisa, aambiwe ukweli: kwenye mambo ya mesaji itabaki namba tu, ili asitumiwe tena, lakini kitabu cha hesabu ya kahawa aliyouza hakiwezi kufutwa, juu ndicho kinachoonyesha alilipwa ngapi.

Kwa anayetoka kwa SMS, anarudishiwa jibu moja, halafu kimya: "Sawa, tumekutoa. Hautapata tena SMS zetu. Ukitaka kurudi, jibu NDIYO." Itumwe kabla ya mesaji nyingine yoyote ya listi kuondoka. Kwa mama wa Kalehe, jibu hilo lisitumwe kabisa, sababu lingeangukia kwa shemeji. Yeye aambiwe pale pale kwa mdomo, aonyeshwe namba yake ikiwa kwenye ACHA. Na kama ana namba mpya, aulizwe tena kama anataka mesaji. Ile ndiyo ya kwanza haihami pamoja naye.

Vipi kama shemeji mwenyewe ndiye anaandika ACHA? Anatolewa vilevile. Mesaji zinaingia kwenye simu yake, na hana deni la kueleza yeye ni nani. Agenti atamwuliza mama siku ya kupima.

Wengine wanaona afadhali kuacha SMS na kufungua grupu ya Wasap. Ni bei rahisi, lakini kwenye grupu kila mmoja anaona namba ya wote, na anayeondoka leo ameisha kuacha namba yake kwenye simu za wengine. Ile listi ya kutangaza ya Wasap inaficha namba, ila mesaji inafika tu kwa aliyehifadhi namba ya biro kwenye simu yake. Hilo linaweza kuwa faida: mtu anayehifadhi namba amefanya kitendo, hakuburutwa. Listi moja inachukua watu 256, kwa hiyo koperative yenye watu 400 itahitaji mbili, na aliyesema ACHA atafutwe kwenye zote mbili.