Dawa ya Mafua si Dawa ya Usingizi wa Mtoto

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya chupa ndogo ambayo haikosekani katika nyumba nyingi. Wengi huiita Piritoni. Jina lake la kitaalamu ni klofeniramini, na nduguye mwenye nguvu zaidi ni prometazini. Hizi ni dawa za mzio, au aleji kama wengi wanavyosema. Daktari humpa mtu aliyevimba kwa kuumwa na nyuki, au anayejikuna kwa vipele vya mzio. Lakini kwa kuwa humfanya mtu asinzie, zimepata kazi nyingine ambayo hakuna daktari aliyezipa: kumlaza mtoto anayelia usiku, au kumtuliza ndani ya basi la safari ndefu.

Nieleze kisa kimoja nilichokiona nikiwa zamu ya usiku, maana ndani yake mna karibu kila jambo ninalotaka kulisema.

Saa 7 usiku aliletwa mtoto wa kike wa miezi 14, uzito wake kilo 9. Aliyembeba alikuwa bibi yake, na mama yake alimfuata nyuma. Mama huyo ni mama lishe, huamka saa 10 usiku kuwasha moto. Mtoto alikuwa na mafua kwa siku 3 na alikuwa halali. "Sista," bibi aliniambia, "mtoto amelala mno. Nimemwita, nimemtikisa, hafumbui macho."

Nilipomfinya sikio alikunja uso kidogo, kisha akarudi usingizini. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, mdomo umekauka kabisa, mboni za macho zimepanuka, moyo unakwenda mbio. Nikahesabu pumzi zake kwa dakika nzima: zilikuwa 16, na mara mbili alinyamaza bila kupumua hadi nikaweka mkono kifuani. Mtoto wa umri ule, hata akiwa amelala vizuri, kwa kawaida hupumua zaidi ya mara 20 kwa dakika.

Niliuliza amepewa nini. Mwanzoni wote wawili walisema hakupewa kitu ila dawa ya kikohozi. Sikuwalaumu, watu huogopa kufokewa. Nikamwambia bibi, "Mama yangu, sitakugombeza. Nikijua alichokunywa ndipo nitakapojua namna ya kumsaidia." Ndipo alipofungua kanga na kutoa chupa.

Dawa ilikuwa ya kaka yake wa miaka 7, aliyepewa hospitali kwa ajili ya mwasho. Juu ya chupa iliandikwa kijiko kimoja, mara 3 kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 7 maelezo hayo yalikuwa sahihi. Kila mililita 5 za dawa hiyo zina miligramu 2, na hicho ndicho kipimo chake. Lakini kijiko cha bibi kilikuwa kile cha kulia wali. Kijiko cha chai hubeba kama mililita 5, na cha kulia wali hubeba kama mililita 15. Kwa hiyo kijiko kimoja cha bibi kilikuwa na miligramu 6. Alimpa kimoja saa 1 usiku. Mtoto badala ya kulala akazidi kulia, akarukaruka kama aliyepagawa. Saa 3 bibi akaona dawa haijamwingia, akampa cha pili.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtoto wa miezi 14 akihitaji kweli dawa hii kwa mzio, na mganga akiamua apewe, kipimo chake ni miligramu 1, mara 2 kwa siku. Yaani miligramu 2 kwa siku nzima. Yule binti alimeza 12 katika muda wa saa 2, dawa ya siku 6. Tena niliposoma chupa ya kikohozi waliyokuja nayo, nikakuta nayo imechanganywa na klofeniramini. Ndivyo zilivyo dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi: ndani yake mna dawa hii, au nduguye aitwaye difenihidramini, na kwa nje picha ya mtoto anayecheka. Mzazi hudhani anatoa dawa mbili, kumbe anatoa moja mara mbili.

Kwa nini mtoto alirukaruka kwanza? Bibi aliniuliza hivyo hivyo. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo histamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kutuweka macho. Dawa hizi za zamani hupenya hadi kwenye ubongo na kuizuia, ndipo mtu anasinzia. Lakini haziishii hapo. Huzuia pia ujumbe mwingine wa mishipa ya fahamu, na ndiyo sababu mdomo hukauka, mboni hupanuka na moyo hukimbia. Kwa baadhi ya watoto wadogo athari hizo huwatia mhangaiko badala ya usingizi: hulia, hutetemeka, huona vitu visivyokuwepo. Zikizidi sana huleta degedege. Kwa hiyo mtoto anayechachamaa baada ya dawa hii si kwamba dawa imekuwa kidogo. Kumwongeza ni kama kumwagia mafuta ya taa jiko linalowaka.

Na baada ya mhangaiko huja usingizi wenyewe, nao si usingizi wa kawaida. Mtoto mwenye mafua pua zake zimeziba. Akilala usingizi wake wa asili, pumzi ikibana, ubongo humshtua: hugeuka, hukohoa, hulia, akapata hewa. Aliyelazwa na dawa hashtuki upesi. Kamasi nazo hukauka na kuwa nzito, zikawa ngumu kutoka. Hapo ndipo penye hatari kubwa, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo inavyozidi. Kuhusu prometazini, mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha waganga kwamba isitolewe kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu wako watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua. Msomaji, angalia jambo hili: vifo hivyo vilitokea katika vipimo mbalimbali, si kwa waliozidishiwa peke yao. Hakuna kijiko ambacho mzazi anaweza kukiita salama.

Labda utasema, "Lakini wangu nilimpa, akalala vizuri." Inawezekana. Mwaka huohuo wa 2006, madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima watoto wachanga 44, wa miezi 6 hadi 15, waliokuwa wakiamka usiku. Nusu walipewa difenihidramini kabla ya kulala, na nusu maji matamu yasiyo na dawa, bila wazazi kujua nani kapewa nini. Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa haikuonyesha faida yoyote kuliko yale maji. Hata kwa mtu mzima, mwili huizoea dawa ya namna hii kwa siku chache tu na usingizi hupungua. Ndipo mtu anapoongeza kijiko.

Turudi wodini. Tulimlaza yule mtoto kwa ubavu, tukampa oksijeni, tukapima sukari ya damu na malaria, maana mtoto asiyeamka anaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja. Sukari ilikuwa ya kutosha na malaria haikuonekana. Dawa hii haina dawa nyingine ya kuifuta mwilini ambayo ningeichukua kabatini nikamchoma akaamka. Kazi ni kulinda pumzi na kungoja mwili uitoe. Nilihesabu pumzi kila robo saa hadi asubuhi, na bibi alikaa akiushika mguu wa mjukuu wake bila kusinzia hata kidogo.

Saa 4 asubuhi alifumbua macho, akanyonya, halafu akaanza kulia kwa sauti kubwa. Nikiri kwamba kilio kile kilinifurahisha. Lakini alikuwa akilivuta sikio la kulia. Daktari alipoangalia ndani aliona ngoma ya sikio imekuwa nyekundu na imefura. Kumbe hicho ndicho kilichomliza siku 3. Alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwa lugha pekee aliyo nayo, nao wakamnyamazisha.

Jambo hili ndilo linalonisumbua kuliko vijiko. Sisi wauguzi tumefundishwa dalili za hatari kwa mtoto mdogo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki. Mtoto aliyepewa dawa hii hulegea na kuwa mgumu kuamsha. Nikiletewa mtoto wa namna hiyo, sijui kama ni dawa au ni ugonjwa wa ubongo, na mama naye nyumbani hajui. Nimonia inaweza kuendelea usiku kucha mzazi akishukuru kwamba leo amelala.

Basi, mtoto akilia usiku kwanza mtafute anayemliza. Mguse kama ana joto. Vua nguo, tazama kama kuna mdudu, uzi uliomkaza kidole, au nepi iliyomchubua. Gusa nyuma ya masikio. Mhesabie pumzi akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyefikisha mwaka, ni za kumpeleka kituoni hata kama ni usiku. Pua iliyoziba hufunguka kwa matone ya maji ya chumvi, na hapo hunyonya na kulala mwenyewe. Kwa safari, chagua basi la wakati anaolala, na umnyonyeshe njiani. Atalia. Abiria watavumilia, wote waliwahi kuwa watoto.

Sisemi chupa hizi zitupwe. Mtoto mwenye vipele vya mzio anaweza kuandikiwa, na siku hizi ziko dawa za mzio zisizolewesha sana, kama setirizini. Ila apewe kwa uzito na umri wake, kwa kipimo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano ambalo mfamasia atakupa, na iwe kwa mzio, si kwa kilio. Wenye kumwachia dada wa kazi mtoto waifungie kabatini, na wamwambie sababu kwa upole, maana naye huchoka.

Na ikiwa tayari amepewa, au umemkuta na chupa tupu mkononi, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ili "kukata sumu". Usimwache alale ukisema utaona asubuhi. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chupa zote alizonywea pamoja na kijiko chenyewe. Bibi yule alileta chupa, lakini kijiko tulikituma nyumbani kifuatwe saa 8 usiku.