Wiki ya Sita na Simu Haijaita: Namna ya Kuulizia Maombi ya Kazi

Matangazo mengi ya kazi, ya Dar es Salaam hata ya Nairobi, huishia na sentensi ileile: watakaochaguliwa kwa ajili ya usaili ndio pekee watakaojulishwa. Sentensi hiyo huiepusha ofisi na kazi ya kuwaandikia wote waliokosa. Lakini haimwambii mwombaji kimya kinaanza kuwa jibu lini. Wiki ya tatu? Ya nane? Wapo wanaonyamaza miezi mitatu wakiogopa kuonekana wasumbufu, na wapo wanaopiga simu kila asubuhi mpaka dada wa mapokezi anaijua sauti yao.

Wote wawili mara nyingi hukosea kwenye kuhesabu. Mwombaji huhesabu tangu siku aliyotuma barua. Ofisi huhesabu tangu siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Chukua mfano wa kijana wa Morogoro anayeomba nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam. Tangazo limetoka tarehe 3 Machi, mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 24. Yeye ametuma tarehe 5, mapema kabisa. Ikifika tarehe 4 Aprili anasema mwezi umekatika, hawa watu hawana habari naye. Ofisini ni siku 11 tu zimepita tangu dirisha lifungwe. Ofisa rasilimali watu bado anachambua, anawatoa wasio na sifa. Orodha iliyobaki inapaswa kupitiwa na mhasibu mkuu, ambaye mwisho wa Machi anafunga hesabu za robo mwaka na hana hata muda wa kunywa chai. Baada yake inasubiriwa siku ambayo wajumbe wote wa usaili watakuwa ofisini. Akiuliza tarehe 4, jibu pekee atakaloweza kupewa ni "subiri". Akiuliza katikati ya Aprili, wiki tatu baada ya dirisha kufungwa, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kumkuta mtu mwenye la kumwambia.

Lipo jambo la kutazama kabla hata ya kuuliza. Alisome tena tangazo lote, maana baadhi huandika wazi kwamba usipopata taarifa ndani ya muda fulani baada ya tarehe ya mwisho, ujue hukuchaguliwa. Hapo jibu limeshatolewa. Kisha afungue folda ya Sent ahakikishe barua ilitoka, na kwa anwani sahihi. Atazame pia kama kuna ujumbe kutoka kwa Mail Delivery Subsystem, maana yake barua iligonga mwamba ikarudi. Vyeti vilivyoskaniwa kwa rangi, kimoja kimoja, hujaa upesi: Gmail inaruhusu viambatisho hadi MB 25, lakini seva za ofisi nyingi hukataa mzigo mdogo kuliko huo. Na afungue Spam, kwa sababu wito wa usaili nao hutumbukia humo. Si ajabu mtu akalalamika kwamba hajajibiwa na kumbe jibu lina wiki mbili limelala hapo.

Vyote vikiwa sawa, aandike. Asianzishe barua mpya. Aifungue ile aliyotuma tarehe 5 Machi na aendelee kutokea hapo, ili anayesoma aone barua ya maombi chini yake bila kutafuta. Lugha iwe ile ya tangazo. Kama tangazo lilikuwa la Kiswahili, barua inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Ofisa Rasilimali Watu, salaam. Tarehe 5 Machi niliomba nafasi ya Mhasibu Msaidizi iliyotangazwa tarehe 3 Machi, na maombi yangu yako chini ya ujumbe huu. Naomba kufahamu kama uteuzi wa watakaoitwa kwenye usaili umekamilika au bado unaendelea. Bado naihitaji nafasi hii, na napatikana kwa namba iliyo kwenye wasifu wangu. Asante kwa muda wako."

Chini yake jina kamili na namba ya simu, basi.

Ubora wa barua hiyo uko kwenye swali lake. Anayelijibu hahitaji ruhusa ya bosi wala kupekua mafaili. Anaweza kuandika "bado unaendelea" akiwa amesimama kwenye lifti. Linganisha na "naomba kujua hatma yangu", swali ambalo ofisa hawezi kulijibu kabla uamuzi haujafanyika, kwa hiyo analiweka kando. Ile sentensi tuliyofundishwa shuleni, "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", nayo iachwe. Kwenye simu, mistari ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla ujumbe haujafunguliwa, na hasara yake ni kuijaza kwa maneno yasiyosema kitu. Shida za nyumbani, kodi ya chumba na wadogo wanaosoma, hata zikiwa za kweli, haziingii humu.

Simu inafaa pale tangazo lilipotoa namba, au barua ilipokaa wiki nzima bila kujibiwa. Saa nne asubuhi ni bora kuliko saa mbili watu wanapoingia. Mwombaji ajitambulishe, ataje nafasi na tarehe, aulize lilelile swali moja, ashukuru, akate. WhatsApp ya ofisa aliyepatikana kwa njia za panya ni mlango wa chumbani; usigongwe.

Matangazo mengi ya Kenya huonya kwamba kutafuta upendeleo kutamwondoa mwombaji, na onyo hilo limewatia wengi woga usio na sababu. Kuiuliza ofisi iliyopokea maombi kama mchakato umekwisha si upendeleo. Kumtuma mjomba anayefahamiana na mjumbe wa bodi ndiko kunakokatazwa.

Serikalini mambo ni mengine. Tanzania, nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti. Huko kuulizia maana yake ni kufuatilia matangazo na kuingia kwenye akaunti yako mara kwa mara. Tangazo la wito lenyewe kwa kawaida huwaeleza ambao majina yao hayamo kwamba hawakukidhi vigezo, waombe tena nafasi nyingine zikitangazwa. Barua pepe ya kusisitiza haiongezi jina kwenye orodha.

Turudi kwa mhasibu wetu. Akiambiwa mchakato unaendelea, ashukuru na anyamaze mpaka tarehe aliyopewa ipite. Kama hakupewa, wiki mbili au tatu zinatosha kabla ya kuuliza tena. Akiambiwa nafasi imejazwa, ashukuru kwa mstari mmoja. Kuomba kuelezwa alipopungukiwa ni haki ya adabu kwa aliyefika kwenye usaili. Kwa ambaye barua yake ilichambuliwa tu, aghalabu hakuna wa kumkumbuka. Akijibiwa na mtu mwingine kabisa, kwa anwani isiyo ya kampuni, akitakiwa kutuma "hela ya fomu" ili afikiriwe, huyo ni tapeli na hakuna cha kujadiliana naye.

Na barua ya pili isipojibiwa, ya tatu isiandikwe. Siku hiyo tangazo hilo lifungwe, muda uende kwa maombi mengine, na ambaye bado anaisubiri ofisi hiyo asiwe amesimamisha mengine yote kwa ajili yake.