Simu ya Pili Isipoita

Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa kwa jumla katika soko la Mwaloni, Mwanza. Anaongea na dereva wa lori kuhusu mzigo, na wakati huohuo mteja wa Dodoma anampigia bila mafanikio. Kwenye simu ya mama hakuna mlio wala namba inayotokea kiooni. Jioni mteja analalamika: “Mama, mbona hupatikani?” Mama anafungua mipangilio na kukuta Call waiting imewashwa.

Kuangalia kioo hakutoshi. Kwa kawaida swichi ile hutuma ombi tu kwa mtandao, na mtandao ndio unaoandika kwenye rekodi ya laini kwamba mpigaji wa pili aruhusiwe. Rekodi ikisema hapana, mpigaji huyo anageuzwa hukohuko kwenye mitambo, simu isijue lolote. Kwa hiyo uulizwe mtandao wenyewe, kwa kupiga namba hii kama unavyoangalia salio:

```
*#43#
```

Jibu likiwa na neno enabled au active, huduma ipo. Likisema disabled, piga `*43#` uiwashe, kisha uliza tena. Kwenye baadhi ya simu jibu huja na orodha ya sauti, data na faksi. Wewe tazama Voice peke yake. Ukipata ujumbe wa “Connection problem or invalid MMI code”, usikimbilie kulaumu simu. Simu zinazopiga kwa 4G mara nyingi hupeleka maombi haya kupitia intaneti, kwa hiyo washa data ujaribu tena, au rudisha simu kwenye 3G kwa muda. Ikigoma bado, tia laini hiyo kwenye simu nyingine. Tatizo likihamia huko, ni la laini, na huduma kwa wateja ndio wa kulitatua. Likibaki kwenye simu ya kwanza, ni la simu.

Mama wa Mwaloni aliuliza, na laini zake zote mbili zikajibu kuwa huduma ipo. Hapo ndipo swali la muhimu linapokuja: mpigaji alisikia nini hasa? Akiambiwa namba inatumika, shuku kwamba huduma imezimwa. Akipokewa na mtu mwingine au na ujumbe wa kurekodi sauti, shuku kwamba simu zinaelekezwa kwingine. Piga `*#67#` uone zinakokwenda unapokuwa unaongea, na `##67#` kufuta. Mteja wa Dodoma aliambiwa mama hapatikani, na neno hilo ndilo linaloonyesha kosa lilipo. Alipiga laini ya pili wakati mama anaongea kwa laini ya kwanza.

Simu nyingi za laini mbili zina mtambo mmoja wa redio. Laini moja ikiongea, nyingine inakuwa kiziwi mpaka maongezi yaishe. Huduma ya simu ya kusubiri ipo kwa kila laini kivyake, wala haivuki kwenda kwa jirani yake. Dawa ni kuiambia laini ya pili ihamishie wapigaji kwenye ya kwanza kila isipopatikana. Kutoka laini ya pili, piga hivi, ukiandika namba ya laini ya kwanza katikati:

```
**62*namba#
```

Sasa mteja wa Dodoma akipiga, mtandao unamkosa kwenye laini ya pili, unampeleka ya kwanza, na mama anasikia mlio wa mtu anayesubiri. Kipande hicho cha safari hulipiwa na laini ya pili, kwa hiyo iwe na salio. Kuondoa, piga `##62#`.

Kuunganisha watu watatu kwenye maongezi kunategemea jambo jingine: uwezo wa kumweka mtu pembeni. Mama anampigia dereva, anabonyeza Add call, dereva anabaki kwenye Hold, kisha anampigia mteja. Mteja akishapokea, si wakati bado inaita, ndipo anabonyeza Merge. Kama Hold haibonyezeki hata ukiwa na mtu mmoja, hakuna haja ya kuhangaika na Merge. Omba kwanza laini ifunguliwe huduma hiyo. Kama Hold inafanya kazi lakini Merge inakataa, zima VoLTE ujaribu tena, kwa sababu kwenye 4G maongezi hayo huunganishwa na mtambo mwingine kabisa. Simu ya WhatsApp nayo haiunganiki na ya kawaida.

Viwango vya mtandao wa kawaida vinaruhusu kuunganisha hadi watu watano bila kukuhesabu wewe. Lakini kila uliyempigia anahesabiwa peke yake: mama akizungumza dakika 10 na dereva na mteja aliowapigia yeye, kifurushi chake kinapungua dakika 20. Dereva akiwa ndiye aliyepiga, kwa mama zinakatwa 10 tu, za mteja.