Nusu ya kijiko: namna nilijifunza kuweka maandishi ndani ya video

Leo niko na habari ya kosa yangu mwenyewe. Najua wengi kati yetu tunatengeneza video za kuelimisha watu, kisha tunazituma kwa WhatsApp, na kosa hii inaweza kufikia kila mtu.

Nilikuwa nimerudi kwetu Bihambwe, kule Masisi, upande wa Rubaya. Kipindi kile watoto walikuwa wanahara sana. Muganga mmoja wa kituo cha afya alikubali nimupige video akionesha namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi nyumbani, kwa mama ambaye hana dawa ile ya kifuko karibu. Ilikuwa video fupi, haifiki dakika moja. Nilijua watu wengi wataiangalia bila sauti: usiku wakati watoto wamelala, ndani ya gari watu wamebanana, ao mvua inapiga mabati na hausikie kitu. Na tuko na bandugu wasiosikia kabisa. Basi nikaweka maandishi ya chini, ile tunaita sutitri, na Watanzania wanaita manukuu.

Siku mbili kisha, shangazi yangu akaniuliza: "Mutoto yangu, ile chumvi ni kijiko kizima?" Nikamwambia hapana shangazi, ni nusu. Akanionesha simu yake. Aliangalia akiwa amefunga sauti juu mujukuu alikuwa amelala mugongoni. Na kweli, namna nilivyoandika, yeye alisoma vizuri. Kosa ilikuwa yangu.

Muganga alisema hivi: "Unaweka vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi ndani ya litri moja ya maji safi." Mimi nilichukua maneno yote, nikayaweka ndani ya programu, nikaiambia ikate kila mustari ukifika herufi 40. Ikakata hivi:

```
Unaweka vijiko sita vya sukari na nusu
kijiko cha chumvi ndani ya litri moja ya
maji safi
```

Mustari wa kwanza ulikuwa peke yake kwenye kioo. Mutu anasoma: sukari, vijiko sita na nusu. Unatoka, wa pili unaingia: kijiko cha chumvi. Hakuna neno hata moja nililoandika vibaya, lakini ujumbe umegeuka. Chumvi imekuwa mara mbili, na kwa mutoto anayehara, chumvi ya kupita kiasi inaweza kumuzidishia hatari. Mwenye kusikia sauti hawezi kukosea, juu muganga alipumua kidogo mbele ya kusema "na nusu kijiko". Asiyesikia hakupata ile pumzi. Kwake, mwisho wa mustari ndiyo pumzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kata maandishi pale maana inapokatika, usikate pale mustari unapojaa. Maneno kama "na", "ya", "cha", "kwa" yanavuta neno linalofuata, basi yasibakie mwisho wa mustari. Hesabu isitengane na kitu chake. "Si" ao "usi-" iwe pamoja na kile inachokataza. Ukiona mustari unaishia na "na nusu" ao "litri moja ya", ujue programu ndiyo imekata, si mutu.

Jambo la pili ni mwendo. Ile sentensi ya muganga iko na herufi 89 ukihesabu na nafasi, na yeye aliisema kwa sekonde 5. Hiyo ni karibu herufi 18 kwa kila sekonde. Wanaotengeneza sutitri za sinema wanaweza kwenda mpaka herufi 17 hivi kwa musomaji mukubwa aliyezoea. Kwa mama anayesoma polepole na jicho moja liko kwa mutoto, mimi sasa ninabaki kati ya 12 na 15. Na tuhesabu herufi, tusihesabu maneno. Kuna sheria za Kiingereza zinazosema maneno 160 mpaka 180 kwa dakika, lakini neno letu moja kama "tutakapowanywesha" ni sentensi nzima kwa Kiingereza. Ukifuata hesabu ya maneno, Kiswahili chako kitakimbia.

Ukiona herufi zinazidi, uko na njia mbili. Ya kwanza ni kuacha maandishi yabakie kidogo kwenye kioo kama musemaji amenyamaza. Ya pili ni kufupisha: toa "unaweka", andika hesabu kwa tarakimu. Muganga wetu, alipomaliza kusema, alikoroga maji karibu sekonde 3 bila neno. Basi nilikuwa na sekonde 7 na nusu mahali pa 5. Nikaandika upya hivi:

```
7
00:00:21,000 --> 00:00:23,400
Sukari: vijiko 6 vya chai

8
00:00:23,500 --> 00:00:25,900
Chumvi: nusu ya kijiko cha chai

9
00:00:26,000 --> 00:00:28,500
Ndani ya litri 1 ya maji safi
```

Hesabu pamoja nami. Ule wa chumvi ndiyo murefu: herufi 31 kwa sekonde 2,4, ni karibu 13 kwa sekonde. Ile ingine iko chini yake. Kila kitu kimebaki na kipimo chake, na neno "chai" limeongezwa juu kwenye video muganga alishika kijiko kidogo, lakini kwa kioo kidogo cha simu kijiko kinaweza kuonekana kama cha supu. Nilifuata pia mupangilio wa sauti: sukari, chumvi, maji. Mwenye kusikia na kusoma wakati moja akikuta maandishi yanasema kitu ingine, anachanganyikiwa.

Kisha nikaongeza mustari mumoja ambao muganga hakuusema kabisa: "Kijiko sawasawa, kisijae mulima." Yeye alisawazisha kijiko na upande wa kisu, bila kusema. Ni kitendo kidogo, lakini sukari ya kijiko cha mulima ni nyingi sana kuliko ya kijiko cha sawasawa. Na pale mutoto alipolia nyuma ya kamera na muganga akageuka, niliandika (mutoto analia), ili asiyesikia ajue sababu ya kugeuka. Mama alipojibu kwa Kihunde, nikaandika Kiswahili chake chini, na kiunganishi "-" mbele ya kila musemaji.

Ile mufano hapo juu inaitwa faili ya SRT. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuiandika hata na programu ya kuandika nota. Kila kipande kiko na namba, saa ya kuingia na ya kutoka, maneno, kisha mustari mutupu. Chunga vitu vitatu. Mbele ya sehemu za sekonde ni koma, si nukta. Ukiweka nukta programu zingine zinakataa faili. Ukisahau mustari mutupu, vipande viwili vinashikana na namba inatokea kwenye kioo. Na uhifadhi kwa UTF-8, bila hiyo neno la Kifaransa kama "santé" linaweza kutokea na alama za ajabu mahali pa "é". Ukiona ile alama za ajabu, tatizo ni hapo. Kwa kompyuta, Subtitle Edit ni ya bure na inakuonesha yenyewe herufi kwa sekonde.

Sasa YouTube na Facebook zinapokea faili ya SRT pembeni ya video, na mutu anaweza kufungua ao kufunga maandishi. WhatsApp haifanye hivyo. Ukituma video na faili, faili inabakia peke yake na hakuna anayeifungua. Kwa WhatsApp ni lazima uchome maandishi ndani ya picha yenyewe. Simu nyingi ziko na CapCut ya kufanya hivyo. Mimi kwa kompyuta ninatumia ffmpeg:

```
ffmpeg -i maji.mp4 -vf "subtitles=maji.srt:force_style='MarginV=60'" -c:a copy maji_tayari.mp4
```

Ile 60 inainua maandishi mpaka karibu moja ya tano ya kimo cha picha. Ni lazima, juu chini kabisa ya statu ndipo WhatsApp inaweka mahali pa kujibu, na mustari wako utafichwa nyuma yake. Tumia herufi nyeupe, nene, zenye ukingo mweusi. WhatsApp inapunguza uzito wa video, na herufi nyembamba zinaharibika kwanza. Kwa video ya kusimama, usipite herufi 30 hivi kwa mustari, na mistari miwili tu kwa wakati moja.

Lakini kuchoma kuko na bei yake, na hapo ndipo niliumia. Kilichochomwa hakifutike. Shangazi aliponionesha kosa, video ilikuwa imeshapita kwa vikundi vitano ninavyovijua, na vingine nisivyovijua. Nilifuta kwangu, nikatuma ile mupya na neno "IMEREKEBISHWA" kwenye sekonde za kwanza, nikapigia simu wale niliowatumia mumoja mumoja. Bado, wiki kadhaa kisha, mutu wa Sake akanitumia ile ya zamani, na asante nyingi kwa kazi nzuri. Nilimujibu papo hapo. Sijui iko wapi leo.

Tangu hapo sichome kitu mbele ya kupima, na kupima kwangu ni kumoja. Ninatafuta mutu ambaye hajasikia ile sauti hata mara moja. Ninafunga sauti kabisa, ninamupa simu inje, kwenye jua, aangalie mara moja tu. Simuulize kama ameelewa, juu kila mutu atasema ndiyo kwa heshima. Ninamuomba aniambie yeye sasa: sukari ngapi, chumvi ngapi, maji ngapi? Akikosea, ninarudi kwa faili, simusahihishe yeye. Mimi mwenyewe siwezi kupima, juu sauti ya muganga iko tayari ndani ya kichwa yangu na inanisomea ile isiyoandikwa.

Video ya pili nilimupa shangazi wa kwanza, mujukuu bado mugongoni. Akaangalia, akanirudishia simu, akasema: "Sita ya sukari, nusu ya chumvi, litri moja. Na kijiko kisijae mulima." Hapo ndipo nikachoma.