Kujitambua Kwanza, Matunda Baadaye: Somo kutoka kwa Matt Talbot

Mwaka 1884, jijini Dublin nchini Ireland, kibarua mwenye umri wa miaka 28 alisimama karibu na baa bila senti mfukoni. Alitumaini kwamba rafiki zake, ambao mara nyingi aliwanunulia pombe, wangemkaribisha. Walipita bila kumwalika. Matt Talbot alirudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba ameamua kuacha pombe, kisha akaenda kuweka ahadi hiyo kwa miezi mitatu.

Siku ile hakuwa na ushahidi wowote kwamba yeye ni mtu asiyekunywa, kwani alikuwa mlevi tangu ujana wake. Hata hivyo, alianza mara moja kuishi kama mtu wa namna hiyo. Aliacha kutembea na fedha, akahudhuria Misa alfajiri kabla ya kazi, na jioni alizozoea kuzimalizia baa akazipeleka kanisani. Miezi mitatu ikafuatwa na sita, kisha ahadi ya maisha yote, aliyoishika hadi kifo chake mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilitambua rasmi fadhila zake za kishujaa.

Tukialikwa kunywa bia harusini, twaweza kujibu, “Najaribu kuacha,” au, “Mimi sinywi pombe.” Jibu la kwanza bado linatuhesabu kuwa wanywaji wanaojizuia, hivyo kila mwaliko unafufua mjadala moyoni. La pili linaufunga. Mtakatifu Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 6, anafuata utaratibu huohuo: waamini wajihesabu kwanza kuwa wafu kwa dhambi, kisha viungo vyao vitumikie haki.

Lakini tamko pasipo tendo hunyauka. Mtu huamini alivyo kwa kuyaona matendo yake mwenyewe, hata yaliyo madogo: kuagiza soda, au kubadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite kilabuni. Kila tendo ni shahidi mmoja, na mashahidi hukusanyika polepole. Utafiti uliofanyika London kwa watu 96, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria kwamba zoea jipya hukomaa kati ya siku 18 na 254. Ulionesha pia kwamba kukosa mara moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Hapo ndipo wengi hupotea. Aliyeteleza Jumamosi husema Jumapili, “Kumbe mimi ni mlevi tu,” na kwa hukumu hiyo hurudi baa Jumatatu. Afadhali aseme, “Mimi sinywi, jana nilianguka,” akatubu na kuendelea.

Tuongeze tahadhari moja. Anayekunywa sana kila siku, akiacha ghafla, aweza kupatwa na mitetemo au hata degedege. Huyo aonane na mganga hospitalini kwanza, kwa maana mwili nao una mwendo wake.